Nukta Nane Juu ya Mstari

1.49, 1.52, 1.50, 1.48, 1.51, 1.52, 1.51, 1.53, 1.52, 1.54, 1.52, 1.53.

Haya ni majibu ya siku 12 za kazi katika maabara ya maji, na jibu sahihi lilijulikana tangu mwanzo: 1.50. Mtu akiyasoma moja moja, kama yanavyoandikwa daftarini kila asubuhi, haoni hata moja la kumshtua. Yote yamekaa karibu na lengo. Hata hivyo, mfuatano huu unaficha kifaa kibovu, tena kimeharibika kwa zaidi ya wiki moja huku majibu ya wateja yakiendelea kutoka kila jioni.

Maabara yenyewe ni ya mfano, lakini kazi yake ni ya kila siku kuanzia Arusha na Moshi hadi Nakuru: kupima floraidi kwenye maji ya kunywa. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia madini hayo kwenye chemchemi na visima. Yakiwa kidogo huimarisha meno. Yakizidi, meno ya mtoto anayekua huota na madoa ya kahawia, na yakizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na hata kupinda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasivuke miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa kuwa maji yasiyo na floraidi nyingi ni adimu katika mikoa hiyo, kisha ikashusha ukomo hadi 1.5. Kwa hiyo kisima chenye 1.48 kikisomwa 1.51, kimevushwa ukomo na maabara, si na miamba.

Kosa la namna hiyo ni dogo mno kuonekana kwa macho. Kulinasa kunahitaji chati ya udhibiti: mchoro wa mistari michache, na nukta moja inayoongezwa kila siku.

Ili kuelewa nukta hizo zinatoka wapi, ni vizuri kusimama kidogo kwenye meza ya mkemia. Floraidi hupimwa kwa elektrodi yenye umbo la kalamu nene, ambayo nchani ina kipande cha fuwele ya lanthani floraidi. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 na Wamarekani wawili, Frant na Ross, na hadi leo haijabadilika sana. Ikichovywa kwenye maji hutoa umeme mdogo unaosomwa kwa milivolti. Floraidi ikiongezeka mara kumi, usomaji hushuka kwa milivolti 59 hivi kwenye joto la nyuzi 25. Kabla ya kuchovya, mkemia huchukua mililita 10 za sampuli na kuzichanganya na mililita 10 za bafa, myeyusho wenye chumvi nyingi unaoshikilia pH kati ya 5 na 5.5 na kuiachilia floraidi iliyoshikwa na alumini au chuma. Kila asubuhi elektrodi hufanyiwa kalibresheni: huonyeshwa miyeyusho ambayo kiasi chake kinajulikana, na kutokana nayo mashine hujifunza milivolti ngapi ni miligramu ngapi.

Njia hii ni rahisi na haina gharama kubwa, lakini ina udhaifu mmoja ambao kila aliyewahi kuitumia anaufahamu. Milivolti 1 tu ya kosa hugeuka kuwa karibu asilimia 4 ya jibu. Kalibresheni ikifanywa asubuhi chumba kikiwa na nyuzi 21, kisha sampuli zikapimwa saa nane mchana mabati yakiwa yameshika joto, milivolti kadhaa zinaweza kupotea bila mtu kugusa kitu.

Ndiyo maana katikati ya sampuli za wateja huingizwa myeyusho mwingine ambao kiasi chake mkemia anakijua tayari, lakini ambao haukutumika kwenye kalibresheni. Huu ndio myeyusho wa ukaguzi. Kazi yake ni ile ya jiwe la kilo moja ambalo muuza duka mwaminifu huliweka juu ya mizani kila asubuhi kabla ya kupima sukari ya mtu yeyote. Katika maabara yetu umetengenezwa kuwa na miligramu 1.50 kwa lita, palepale kwenye ukomo wa sheria, kwa kuwa hapo ndipo kosa dogo lina madhara makubwa.

Utengenezaji wake una masharti mawili. Kwanza, unga wa sodiamu floraidi unaoyeyushwa lazima utoke kwenye kopo tofauti na lile la miyeyusho ya kalibresheni, ikiwezekana la kiwanda kingine. Vyote vikitoka kopo moja na kopo hilo likawa limenyonya unyevu, kalibresheni na ukaguzi vitakosea pamoja, kwa kiasi kilekile, na chati itaonyesha amani tupu. Pili, myeyusho hutunzwa kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, kwa sababu floraidi hula kioo na maji yakipungua kwa mvuke myeyusho huwa mkali zaidi.

Lipo na sharti la matumizi, ambalo huvunjwa mara nyingi kuliko yote. Myeyusho wa ukaguzi lazima upite njia yote inayopitwa na sampuli ya mteja: upimwe kwa pipeti ileile, uongezewe bafa kutoka chupa ileile, usubiri dakika zilezile kabla ya kusomwa. Wako wanaouchanganya na bafa mapema, lita nzima kwa mpigo, ili asubuhi wauchovye elektrodi moja kwa moja. Wanaokoa dakika mbili, na wanapoteza nusu ya ulinzi. Ukaguzi hauwezi kuona kosa la hatua ambayo haukuipitia.

Wazo la kuchora majibu ya namna hii kwenye mchoro lilizaliwa kiwandani. Tarehe 16 Mei 1924, Walter Shewhart, mwanafizikia aliyekuwa akifanya kazi Western Electric, kampuni ya Marekani iliyotengeneza vifaa vya simu, alimwandikia mkubwa wake waraka mfupi wenye mchoro mmoja. Hoja yake ilikuwa kwamba kila kazi ina mtikisiko wake wa kawaida usiozuilika, na kwamba kukimbizana na mtikisiko huo ni kupoteza muda, hata kuharibu kilichokuwa kizima. Kinachofaa kutafutwa ni badiliko linalozidi mtikisiko huo, maana hilo lina sababu yake na sababu hiyo inaweza kupatikana. Mwaka 1950 Levey na Jennings waliupeleka mchoro huo kwenye maabara za hospitali, na mpaka leo mafundi wa maabara wa Afrika Mashariki wanaopima sukari ya damu huuita kwa majina ya wawili hao.

Kuchora chati huanza na subira. Kabla ya kuweka mistari yoyote, maabara hupima myeyusho wa ukaguzi angalau mara 20, na mara hizo zinapaswa kutawanywa: siku tofauti, wapimaji tofauti, bafa ya wiki hii na ya wiki ijayo, asubuhi ya baridi na mchana wa joto. Kishawishi cha kumaliza vipimo vyote 20 kwa asubuhi moja ni kikubwa. Anayekifuata atapata majibu yaliyobanana, labda kati ya 1.49 na 1.51, na mistari itakayotokana nayo itakuwa myembamba kiasi cha kupiga kelele kila wiki. Mwezi haujaisha, hakuna anayezisikiliza tena.

Majibu 20 yakishapatikana, hesabu ni ya sekunde chache kwenye kompyuta. Kama yamepangwa kwenye safu ya B ya jedwali la Excel, fomula mbili zinatosha:

```
=AVERAGE(B2:B21)
=STDEV.S(B2:B21)
```

Ya kwanza ni wastani. Ya pili hueleza ni kwa kiasi gani majibu hutawanyika kuzunguka wastani huo, na hapa tutaiita mtawanyiko. Tuseme wastani umetoka 1.50 na mtawanyiko 0.03. Mstari wa kati unachorwa kwenye 1.50. Mistari ya onyo inawekwa umbali wa mitawanyiko miwili kila upande, yaani 1.44 na 1.56. Mistari ya hatua inawekwa umbali wa mitatu: 1.41 na 1.59. Kazi ikiwa shwari, nukta moja hivi katika kila 20 itavuka mstari wa onyo bila sababu yoyote, lakini ni 3 tu hivi katika kila 1,000 zitakazovuka mstari wa hatua. Nukta ikiwa nje ya mstari wa hatua, kazi inasimama. Majibu ya wateja hayatoki mpaka sababu ijulikane.

Baadhi ya maabara hazifanyi hesabu hizi kabisa. Zinachukua ruhusa iliyoandikwa kwenye mwongozo, tuseme asilimia 10, na kuchora mistari kwenye 1.35 na 1.65. Mchoro unapendeza ukaguzi ukija, kwa kuwa hakuna nukta inayotoka nje. Lakini mistari hiyo inaeleza kosa ambalo mteja yuko tayari kulivumilia. Haielezi tabia ya maabara yenyewe. Njia iliyozoea kucheza ndani ya 0.03 inaweza kuharibika vibaya kabla ya kuigusa 1.65.

Sasa zile nukta 12 zinaweza kusomwa. Hakuna iliyovuka mstari wa hatua. Hakuna hata iliyofika mstari wa onyo. Kubwa kuliko zote ni 1.54. Mpimaji aliyefundishwa kuangalia mistari ya nje peke yake angeweka alama ya vema siku zote 12.

Macho yanapaswa kwenda kwenye mstari wa kati. Nukta nne za mwanzo zinacheza: moja juu, mbili chini au chini kidogo, moja juu ya mstari wenyewe. Kuanzia ya tano, zote ziko juu. Nane mfululizo. Kazi ikiwa shwari, kila nukta ina nafasi nusu kwa nusu ya kuwa juu au chini ya mstari wa kati, na nafasi ya nane zijazo zote kuangukia juu ni 1 kati ya 256. Kitabu cha mwongozo cha Western Electric cha mwaka 1956 kiliweka kanuni ya nukta nane upande mmoja, na ingawa wengine husubiri tisa au kumi, maana haibadiliki: wastani wenyewe umehama.

Yupo aliyetafuta njia ya kuona mhamo huo mapema zaidi. Mwaka 1954 Mwingereza E. S. Page alipendekeza kujumlisha tofauti za kila siku badala ya kuzitazama moja moja. Katika mfano wetu, nukta tano za kwanza zina tofauti za −0.01, +0.02, 0, −0.02 na +0.01, ambazo zikijumlishwa zinafutana na kubaki sifuri. Saba zinazofuata zinajumlika kuwa +0.17. Ukichora jumla hiyo siku kwa siku, unapata mstari uliolala kwa siku tano kisha ukaanza kupanda mlima, na mahali unapopinda ndipo pa kuanzia uchunguzi.

Uchunguzi wenyewe huenda kwa kufuta washukiwa mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ni myeyusho wa ukaguzi: huenda kifuniko kililegea na maji yakapungua kwa mvuke. Chupa mpya, iliyokuwa haijafunguliwa, inapimwa. Inatoa 1.53. Si chupa. Wa pili ni elektrodi. Tofauti ya milivolti kati ya miyeyusho miwili ya kalibresheni inayopishana mara kumi inaangaliwa, na ni 58, palepale inapotakiwa kuwa. Si elektrodi. Wa tatu ni bafa, na hapa mpimaji anafanya jambo rahisi sana: anaacha pampu ya kila siku, ile inayofungwa mdomoni mwa chupa ya bafa na kutoa mililita 10 kwa mkandamizo mmoja, na anachota bafa kwa pipeti. Jibu linatoka 1.50.

Kinachobaki ni kuthibitisha. Pampu inafunguliwa, inasafishwa maji tu, inajazwa maji yaliyotoneshwa na kukandamizwa juu ya mizani ya maabara. Mililita 10 za maji katika joto la chumba zina uzito wa karibu gramu 10. Mizani inasoma 9.6. Ndani, kwenye shingo ya pistoni, kuna ukoko mweupe wa chumvi ya bafa iliyokauka, na raba ya kuzuia hewa imechakaa.

Hesabu inakubaliana na kosa. Sampuli iliyopaswa kuchanganywa na mililita 10 za bafa ilipata 9.6, kwa hiyo mchanganyiko ulikuwa mililita 19.6 badala ya 20, na floraidi ikaonekana kuzidi kwa asilimia 2. Asilimia 2 ya 1.50 ni 0.03, na 1.50 ikawa 1.53. Kalibresheni haikuweza kulisahihisha kosa hili, maana miyeyusho yake huchanganywa na bafa mara moja kwa wiki kwa chupa za kupimia. Haikupita kwenye pampu. Na ule myeyusho wa ukaguzi uliochanganywa mapema, wa wale wanaookoa dakika mbili, nao ungeendelea kusoma 1.50 siku zote 12.

Ni vyema pia kuuliza mistari ya nje ingeamka lini. Ili ukaguzi ufike 1.59, jibu lilipaswa kuzidi kwa asilimia 6, na hilo lingetaka pampu ipunguze bafa kwa zaidi ya mililita 1. Kwa mwendo iliokuwa nao, pengine ingechukua wiki nyingine nyingi.

Baada ya pampu kutengenezwa inabaki kazi isiyopendwa: majibu yaliyokwisha kutoka. Nukta ya mwisho inayoaminika ni ya nne. Sampuli zote kuanzia siku ya tano ziko mashakani, na zilizosomwa karibu na 1.5 ndizo za kurudiwa kwanza. Hapa floraidi ina huruma kidogo, kwa sababu maji yaliyotunzwa kwenye chupa ya plastiki yanaweza kupimwa hadi siku 28 baada ya kuchotwa. Maabara yenye tabia ya kumwaga sampuli mara tu jibu linapotoka haina pa kurudi.

Si kila nukta zilizohama huhama kwa kunyata. Pampu iliyochakaa, kifuniko kilicholegea na fuwele inayoshika utando huleta mpando wa taratibu. Nukta zikiruka ghafla kutoka kiwango kimoja hadi kingine na kutulia huko, kuna kitu kilichobadilishwa siku ile: myeyusho mpya wa kalibresheni, elektrodi mpya, kopo jipya la unga. Ndiyo maana wapimaji makini huandika pembeni mwa chati kila wanapofungua chupa mpya. Maandishi hayo ya penseli, "bafa mpya" au "elektrodi imesuguliwa", huokoa siku nzima ya kutafuta.

Chati huuawa na watu kwa namna mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni kurudia kipimo mpaka kikae vizuri. Nukta inatoka 1.57, mpimaji anapima tena, anapata 1.53, anaandika 1.53. Kila nukta iliyosalia kwenye mchoro huo imechaguliwa, na mtawanyiko wake ni wa uongo. Jibu la kwanza huandikwa, liwe zuri au baya. La marudio huandikwa pembeni yake pamoja na sababu. Namna ya pili ni ya upole zaidi: kukokotoa mistari upya kila mwezi kwa kutumia nukta za mwezi uliopita. Pampu ikiwa inachakaa, wastani mpya unakuwa 1.53, mstari wa kati unapanda pamoja na kosa, na nukta zinarudi kucheza juu na chini kana kwamba hakuna lililotokea. Mistari hubadilishwa pale tu ambapo njia yenyewe imebadilishwa kwa makusudi, au myeyusho mpya wa ukaguzi umeanza kutumika baada ya kupimwa sambamba na wa zamani kwa siku kadhaa.

Hata chati iliyotunzwa vizuri ina mahali isipoona. Myeyusho wa ukaguzi ni floraidi ndani ya maji safi, na maji ya wateja hayako hivyo. Katika mbinu ya Nalgonda, ambayo imewahi kujaribiwa pia kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto karibu na Arusha, floraidi hupunguzwa kwa shabu na chokaa, na shabu huweza kuacha alumini majini. Alumini huikumbatia floraidi, na bafa isipokuwa na nguvu ya kuiachanisha, elektrodi husoma pungufu. Maji yenye hatari yataonekana salama, ilhali myeyusho wa ukaguzi, usio na alumini hata chembe, utaendelea kutoa 1.50 asubuhi baada ya asubuhi. Kwa maji ya aina hiyo mkemia huchukua sampuli ya mteja mwenyewe, akaigawa mara mbili, akaongeza kiasi anachokijua cha floraidi kwenye nusu moja, kisha akapima zote. Akiongeza miligramu 1.00 kwa lita na tofauti ikatoka 0.80, sehemu ya tano imemezwa. Asilimia inayorudi kila mara nayo huwekewa chati yake, yenye mistari yake, pembeni ya ile ya kwanza.